Mama 15 kati ya 22: ushahidi wa maelezo unabeba dai gani?

*Shikamoo mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nimewasaili akina mama 22 ambao watoto wao waliwahi kupata degedege. Niliwapata kupitia wahudumu wa afya wa vijiji, kisha mama mmoja akawa ananielekeza kwa mwingine. Kati yao, 15 walianza kwa mganga wa kienyeji. Niliandika kwamba asilimia 68 ya akina mama wa wilaya hii huanza kwa mganga, msimamizi wangu akaifuta sentensi yote. Mwenzangu aliyegawa dodoso kwa watu 400 hakuulizwa kitu. Je, ushahidi wa maelezo ni dhaifu kuliko wa takwimu?*

Marahaba. Msimamizi wako amefuta sentensi iliyostahili kufutwa, ila natamani angekueleza sababu, maana ukiachiwa hivi hivi utaondoka ukiamini kwamba usaili wako wote hauna thamani. Ushahidi hauna udhaifu wala nguvu mpaka ujue umeitwa kuthibitisha nini. Wewe umewauliza akina mama mambo yalikwendaje, kisha ukaandika dai linalohusu ni wangapi. Hayo ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina ushahidi wake.

Tuanze na hiyo asilimia 68. Tuseme, kwa kukupendelea, kwamba akina mama wako 22 waliteuliwa kwa bahati nasibu kutoka katika orodha kamili ya akina mama wote wa wilaya ambao watoto wao wamewahi kupata degedege. Hata kwa upendeleo huo, 15 kati ya 22 inakuruhusu kusema tu kwamba kiwango halisi cha wilaya, kwa uhakika wa asilimia 95, kiko mahali fulani kati ya asilimia 47 na asilimia 84. Yaani huenda ni chini ya nusu, na huenda ni zaidi ya wanne kati ya kila watano. Mganga Mkuu wa Wilaya hawezi kupanga chochote kwa makadirio mapana namna hiyo, na ukiandika "68" bila kuonyesha upana huo unampa msomaji picha ya usahihi ambao huna. Tena upendeleo wenyewe hukuupata. Akina mama wako walielekezana wao kwa wao, na mama aliyeanza kwa mganga ana uwezekano mkubwa wa kukupeleka kwa jirani waliyekwenda pamoja, au kwa dada aliyempa ushauri. Hesabu ya uhakika wa asilimia 95 inashughulikia bahati ya uteuzi peke yake. Njia ya uteuzi inayoelemea upande mmoja haiioni, na ungeongeza akina mama wengine 200 kwa njia hiyo hiyo, kosa lingebaki pale pale huku namba zikizidi kupendeza.

Sasa uangalie idadi hiyo hiyo ya 22 kwa swali lingine. Swali lako lingekuwa: ni sababu zipi zinazomfanya mama aanzie kwa mganga? Hapo hutafuti kiwango. Unatafuta orodha ya sababu zilizopo, na hofu yako kubwa ni kuikosa sababu iliyo muhimu. Ikiwa kuna sababu inayowahusu akina mama wawili kati ya kila kumi, uwezekano wa kuwasaili watu 22 wasioelekezana bila kukutana nayo hata mara moja haufiki asilimia 1. Sababu inayomhusu mama mmoja kati ya kumi inaweza kukupita mara moja hivi katika kila tafiti kumi za ukubwa huo. Kwa hiyo watu 22, ambao hawatoshi kabisa kupima ukubwa wa jambo, wanatosha vizuri kugundua aina zake kuu. Ndiyo maana mtafiti wa maelezo huacha kusaili pale anapoona usaili mpya hauleti jambo jipya, asisubiri kufikia idadi iliyowekwa na kanuni ya sampuli. Sharti lake ni kwamba milango ya kuingilia iwe mingi. Kwa njia uliyotumia wewe, unaweza kusikia sababu moja mara kumi na tano ukadhani umefika mwisho, kumbe umezunguka ndani ya ukoo mmoja. Ningekushauri uongeze mama wachache uliowapata wodini, wachache wa kijiji kisichokuwa na mhudumu wa afya, na mmoja au wawili walioelekezwa na mganga mwenyewe.

Tofauti hii ya madai imewahi kuonekana wazi kwa ugonjwa huo huo unaouchunguza, na hapa hapa kwenye pwani ya Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo walikaa na wanavijiji wakawasikiliza wanavyoyapanga maradhi ya homa. Walikuta kwamba kwa wengi waliozungumza nao, homa ya malaria ni ugonjwa wa kawaida wa hospitali, lakini degedege ni jambo jingine, linaloletwa na shetani anayempata mtoto, mara nyingi kwa sura ya ndege. Matibabu ya mwanzo yalikuwa ya nyumbani au ya mganga, kama vile kumkojolea mtoto au kumfukiza moshi wa kinyesi cha tembo, na palikuwa na hofu kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Dodoso lisingegundua hayo, kwa sababu mwandishi wa dodoso lazima awe na jibu kichwani kabla hajaliwekea kisanduku. Anayeamini kwamba degedege ni dalili ya malaria kali, kama daktari anavyoamini, atauliza maswali yake yote chini ya kichwa cha "malaria", na mama atajibu kwa ukweli kabisa kwamba mtoto wake hakuwa na malaria.

Dai ambalo ushahidi wa Bagamoyo uliweza kulibeba ni zito: kwamba ipo njia ya kufikiri inayomtoa mtoto mwenye malaria kali nje ya njia ya hospitali, kwamba njia hiyo ina mantiki yake, na kwamba hofu ya sindano ni mojawapo ya viungo vyake. Lakini matokeo ya namna hiyo yakishatoka vijijini na kuingia kwenye semina na mikakati ya afya, dai huota miguu. Utasikia mtu akisema kwamba watoto wa vijijini wanakufa kwa malaria kwa sababu wazazi wao wanawapeleka kwa waganga. Hilo ni dai la ukubwa na la chanzo kwa pamoja, na wasaili wa Bagamoyo hawakuhesabu vifo.

Waliohesabu walikuwa wa Rufiji. Huko kulikuwa na mfumo wa kufuatilia kaya zote za eneo fulani, unaoandikisha kila anayezaliwa, anayehama na anayekufa. Kila kifo kilipotokea, msaili aliyefunzwa aliitembelea familia na kuuliza kwa utaratibu dalili zilikuwaje na mgonjwa alipelekwa wapi, kwanza, pili na tatu. Katika vifo 320 vilivyohesabiwa kuwa vya malaria kati ya 1999 na 2001, karibu asilimia 79 ya wagonjwa walikuwa wamepelekwa kwanza kwenye tiba ya kisasa. Waliokuwa na degedege walielekea zaidi kuanza na tiba ya kienyeji kuliko wasiokuwa nayo, jambo linalokubaliana na simulizi za Bagamoyo, lakini hata miongoni mwao tiba ya kisasa ilitangulia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004, na kwa maoni yangu ni mfano mzuri kuliko yote ninaoujua wa namba kuurudisha usemi kwenye mipaka yake. Hayakuufuta ushahidi wa Bagamoyo. Yaliufuta ukubwa ambao watu walikuwa wameubandika juu yake.

Hata hivyo, usizisome namba za Rufiji kwa macho ya kuzisujudia, kwa sababu nazo zina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo mwenzako wa dodoso anayopaswa kuulizwa. Wa kwanza ni kwamba utafiti ule ulihesabu waliokufa peke yao. Kutokana nao huwezi kusema kwamba kuanza kwa mganga kunaongeza, au hakuongezi, hatari ya kufa, kwa kuwa hujui waliopona walianzia wapi. Tuseme katika waliopona asilimia 95 walianza na tiba ya kisasa. Hapo mganga angeonekana kuwa hatari. Tuseme ni asilimia 79 vilevile. Hapo asingeonekana kuwa na tofauti. Namba moja, hitimisho mbili, na kinachoamua ni kundi ambalo halikuhesabiwa. Na hata ukilipata kundi hilo, bado mtoto anayetetemeka na kukakamaa ana malaria kali zaidi kuliko mwenye homa tu, na huyo ndiye anayepelekwa kwa mganga. Ukiona vifo vingi upande wa mganga, huenda unaona ukali wa ugonjwa.

Mpaka wa pili ni kwamba asilimia 79 haisemi kwa nini wagonjwa hao walikufa ilhali walipelekwa kwenye tiba ya kisasa. Walichelewa kwa saa sita au kwa siku mbili? Walikuta dawa imekwisha? Walipewa dawa ya kumeza wakarudishwa nyumbani, degedege ikaanza usiku? Jedwali linaonyesha kwamba jibu rahisi la "wazazi na waganga" halitoshi, kisha linanyamaza. Kuendelea kutoka hapo kunahitaji mtu akae na familia chache na kuufuata mwendo wa ugonjwa saa kwa saa, na kazi hiyo ni ya aina yako.

Kuna dai moja ambalo usaili hauwezi kulibeba kamwe, hata uwe wa kina namna gani, nalo ni la kiasi cha athari ya tiba. Chukua mtoto huyo huyo wa degedege aliyekwisha kufika wodini. Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa sindano ya kwinini. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2010 liliwagawa kwa bahati nasibu watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa Kilifi na wa mkoa wa Tanga, wengine wakapewa kwinini na wengine artesuneti. Waliokufa walikuwa asilimia 10.9 upande wa kwinini na asilimia 8.5 upande wa artesuneti. Muuguzi aliyetibu watoto mia kwa kila dawa angeona vifo kumi na moja huku na vinane au tisa kule, na msimu ujao pengine angeona kinyume chake. Tofauti hiyo, ambayo ni uhai wa watoto 24 katika kila elfu moja, haionekani kwa uzoefu wa mtu yeyote na haiwezi kusimuliwa na mama yeyote, kwa sababu hakuna anayejua mtoto wake angekuwaje kwa dawa nyingine. Inaonekana kwa kuhesabu wengi waliogawanywa kwa bahati nasibu, basi. Mgawanyo huo ndio unaoondoa lile tatizo la ukali wa ugonjwa nililolitaja hapo juu, kwa maana wagonjwa mahututi huangukia pande zote mbili kwa uwiano ule ule. Idadi kubwa peke yake haiwezi kufanya hivyo.

Hapo ndipo ninapomrudia mwenzako. Watu 400 walioteuliwa kwa bahati nasibu wangempa makadirio yasiyozidi pointi tano za asilimia juu au chini, na hiyo ni hali nzuri. Lakini muulize aliwapata wapi. Kama aliwakuta kwenye foleni ya kliniki ya mama na mtoto, basi amewahesabu wanaokwenda kliniki, na swali lake la nani anakwenda kliniki limejibiwa kabla halijaulizwa. Kama alichagua vijiji vinane na kuhoji watu hamsini katika kila kijiji, majirani hufanana, na watu 400 wa namna hiyo wanaweza kuwa na uzito wa 200 au pungufu yake. Muulize pia dodoso lake lilimuuliza mama nini. Kama liliuliza, "Mtoto wako alipougua malaria ulimpeleka wapi kwanza?", basi watoto wa degedege wametoka nje ya hesabu kwa sababu ile ile ya Bagamoyo, na usahihi wa pointi tano ni wa jambo ambalo hakukusudia kulipima. Kwamba msimamizi hakumuuliza hayo ni desturi mbaya tuliyo nayo vyuoni, ya kumwachia mwenye jedwali apite na kumsimamisha mwenye simulizi getini.

Sasa turudi kwenye sentensi yako. Kuandika "15 kati ya akina mama 22 tuliowasaili walianza kwa mganga" kunaruhusiwa, kwa sababu ni maelezo ya watu wako na hakuvuki mpaka wao. Asilimia iache, na neno "wilaya" litoe. Lakini sentensi hiyo si matokeo yako. Ni utambulisho wa sampuli tu. Matokeo yako yanapaswa kuwa dai la mwendo, kwa mfano: "Uamuzi wa kwenda kwa mganga ulifanyika pale degedege ilipoanza usiku, mama akiwa hana nauli wala usafiri, na mwenye kauli ndani ya nyumba akiwa bibi anayeamini kwamba sindano itamuua mtoto." Dai la namna hiyo lina viungo, na kila kiungo unaweza kukijaribu ndani ya maandishi yako ya usaili.

Kipimo kikali zaidi cha dai hilo kimo kwa wale saba ambao hawakuanza kwa mganga. Naona hukuwataja ila kwa kutoa. Wasome upya mmoja mmoja. Tuseme watatu kati yao nao waliamini kwamba sindano inaua, lakini walikwenda hospitali. Basi imani ya sindano haitoshi peke yake kueleza uamuzi, na lazima utafute kilichowatofautisha. Ukikuta kwamba wote watatu degedege ilianza mchana, au baba alikuwepo na pikipiki, dai lako limepata sura mpya: imani ipo kwa wengi, ila inakuwa na nguvu ya kuamua pale njia ya hospitali inapokuwa imefungwa na giza na nauli. Hilo lingekuwa na maana kubwa kwa anayepanga huduma, kwa sababu tiba yake ni usafiri wa usiku kabla ya kuwa elimu. Lakini kumbuka kwamba watatu ni watatu. Wanakuruhusu kusema kwamba maelezo ya imani peke yake hayatoshi, kwa kuwa kisa kimoja kinachopingana kinatosha kuvunja neno "daima". Hawakuruhusu kusema kwamba usafiri una uzito kuliko imani, kwani hilo tayari ni dai la kiasi.

Uandike vilevile kwamba ni nani aliyekuwa anauliza. Umesema uliingia kwa mlango wa wahudumu wa afya. Mama anayemwona mhudumu wa zahanati yake ameketi karibu, au anayemwona msaili amevaa sare, ana sababu ya kupunguza habari za mganga na kuongeza za hospitali. Kwa hiyo 15 yako inaweza kuwa imezidi kwa sababu ya kuelekezana, na wakati huo huo ikawa imepungua kwa sababu ya kuona haya, na hakuna njia ya kujua upande upi umeshinda. Kwa dai la wangapi, jambo hilo ni maafa. Kwa dai la mwendo linavumilika, ikiwa utalinganisha simulizi ya mama na ya bibi au baba aliyekuwepo usiku ule, na kutazama kama saa na tarehe iliyoandikwa kwenye daftari la mgonjwa inakubaliana na alichokueleza.

Kama muda unaruhusu, mkae wawili na mwenzako kabla hajarudi vijijini. Mpe kutoka kwenye usaili wako maneno ambayo akina mama wenyewe wanayatumia wanapoeleza kukakamaa, kutetemeka na kugeuza macho, ili swali lake lianze na dalili badala ya jina la ugonjwa. Mpe pia maswali matatu ambayo dodoso lake pengine halina: degedege ilianza saa ngapi, nani alikuwepo nyumbani, na kulikuwa na usafiri au hapana. Yeye akiyauliza kwa kaya zilizoteuliwa kwa bahati nasibu kutoka rejesta ya kijiji, ataweza kuandika asilimia ambayo wewe ulizuiwa kuiandika, na mtajua kama mwendo ulioukuta kwa akina mama wako unazihusu kaya nyingi au chache.